Chumba chenye mwanga wa dirisha tu: kabla hujaongeza sampuli, angalia kioo

*"Habari za kazi, mtaalamu. Namtengenezea mteja picha za ndani za chumba cha nyumba ya zamani ya Mji Mkongwe, Zanzibar, kwa Blender na Cycles. Ndani sina taa hata moja. Mwanga unaingia kwa madirisha mawili yenye vioo, nje nimeweka HDRI ya mchana pamoja na taa ya Sun. Nimefika sampuli 2048 na kona za chumba bado zimejaa chembechembe. Nikiwasha Denoise, boriti za dari zinakuwa kama zimepakwa siagi. Kadi yangu ni RTX 3060. Nipandishe sampuli hadi ngapi?"*

Usipandishe, ndugu yangu, angalau si leo. Chembechembe hupungua kwa kipeuo cha pili cha sampuli, maana yake ukitaka zipungue nusu lazima sampuli ziwe mara 4. Kutoka 2048 utakwenda 8192, na picha iliyokula saa moja itakula saa nne. Ukitaka nusu tena, zidisha tena kwa 4. Hiyo ni njia ya mtu ambaye tayari amerekebisha kila kitu kingine, na wewe bado hujafika huko.

Tuanze na namna Cycles inavyoutafuta mwanga, kwa sababu ukishaielewa hii, vitufe vingine vyote vinajieleza. Mwale hautoki kwenye jua. Unatoka kwenye kamera, unakwenda kugonga ukuta, na pale ulipogonga Cycles inafanya mambo mawili. La kwanza ni kulenga: inajua taa ziko wapi, kwa hiyo inatuma mwale wa kivuli moja kwa moja kuelekea taa fulani na kuuliza, "Kuna kitu njiani?" Kama njia ni nyeupe, ukuta unapata mwanga wake. La pili ni kubahatisha: inarusha mwale upande wowote ule kutoka hapo ukutani, halafu inasubiri kuona utagonga nini.

Kulenga kukifanikiwa, picha hutulia haraka sana. Kukishindikana, inabaki bahati, na bahati ya chumba chako ni ndogo. Chukua dirisha la mita 0.9 kwa 1.4, eneo lake ni mita za mraba 1.26. Simama kwenye ukuta unaolitazama uso kwa uso, mita 4 kutoka hapo. Kati ya miale 40 itakayorushwa kwa kubahatisha kutoka kwenye ukuta huo, mmoja hivi ndio utakaopita dirishani. Iliyobaki 39 itagonga kuta nyingine, sakafu na dari. Na huo ni ukuta uliokaa vizuri. Kona iliyo ubavuni mwa dirisha inaliona kwa mshazari tu, kwa hiyo hali yake ni mbaya zaidi. Pikseli moja imepata miale mitatu yenye mwanga, jirani yake imepata saba, na tofauti hiyo ndiyo hizo chembechembe unazoziona.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: ni kitu gani kinachoizuia Cycles kulenga?

Kwako naanza kushuku kioo. Watu wengi hudhani kwamba kwa kuwa kioo kinaonyesha nje, basi hata mwale wa kivuli unapita. Haupiti. Kwa Cycles, uso wenye Glass BSDF hupindisha mwale, na mwale wa kivuli unaotakiwa kwenda umenyooka haujui utatokea wapi upande wa pili. Basi unahesabiwa kuwa umezuiwa, sawa na uliogonga zege. Ukiweka vioo kwenye madirisha yote mawili, umeifungia Cycles mlango wa kulenga kabisa. Mwanga wote uliomo chumbani mwako sasa umeingia kwa bahati tu, ule mmoja wa 40. Jua ndilo limeathirika zaidi, kwa sababu duara lake angani ni dogo mno, nusu ya digrii hivi. Mwale wa kubahatisha utoke ukutani, upite kwenye kioo, halafu uangukie hapo hapo? Utatokea mara moja moja, na ukitokea unaleta nguvu kubwa kwenye pikseli moja. Hivyo ndivyo vimulimuli, yale madoa meupe yanayoruka hapa na pale.

Usiniamini kwa maneno. Fungua menyu ya Shading ya dirisha la 3D ukiwa kwenye Rendered, uende kwenye Render Pass, uchague Diffuse Direct. Hii inaonyesha mwanga uliofika kwenye uso bila kugota popote kwanza. Kama vioo ni vya Glass BSDF ya kawaida, chumba chako kitakuwa cheusi tii, ilhali picha kamili inaonyesha mwanga. Mwanga wote umehamia Diffuse Indirect, kwa sababu kupita kwenye kioo kunahesabiwa kuwa hatua nzima ya safari. Sasa kifiche kioo, tazama tena. Pembeni mwa madirisha na sakafuni pataanza kung'aa kwenye Diffuse Direct. Hapo umepata jibu kwa dakika 2 bila kurenda chochote.

Dawa yake ina sura mbili. Kama kioo hakionekani kwenye pembe ya kamera yako, au kinaonekana kwa mbali tu, kifute. Nasema hivi bila aibu. Hakuna mteja aliyewahi kuniuliza kwa nini dirisha la nyuma halina kioo. Tena madirisha mengi ya zamani ya Mji Mkongwe yana nondo na mabawa ya mbao tu, kwa hiyo hebu angalia picha za nyumba yenyewe kabla ya kuweka kioo ambacho pengine hakikuwepo.

Kama kioo lazima kionekane, kifanye kiwe kioo kwa macho na hewa kwa mwanga. Kwenye materiali ya kioo weka Mix Shader. Tundu la juu ingiza Glass BSDF, tundu la chini ingiza Transparent BSDF yenye rangi nyeupe. Kwenye Fac usiweke namba, bali leta nodi ya Light Path, chukua Is Shadow Ray na Is Diffuse Ray, ziingize zote mbili kwenye Math iliyowekwa Maximum, halafu matokeo yake yaende kwenye Fac. Maana yake kwa Kiswahili cha kawaida: kamera ikitazama, inaona kioo chenye mng'ao wake. Mwale wa kivuli ukipita, au mwale uliodunda kutoka ukutani, haukuti kitu. Utapoteza ile mistari ya mwanga iliyopindishwa na kioo sakafuni, ambayo kwa kioo bapa cha dirisha hata huioni.

Hapa kuna mtego ambao mimi mwenyewe niliuingia. Miaka ya nyuma nilikuwa na kazi ya chumba cha hoteli, vimulimuli kila mahali, nikasoma mahali kwamba nizime Refractive Caustics. Nikazima. Vimulimuli vikaisha palepale, na chumba kikawa giza. Nikapandisha Exposure kurudisha mwanga, chembechembe zikarudi kubwa kuliko za mwanzo. Sikujua kwamba kwa vioo vyangu vile, hizo Caustics ndizo zilizokuwa njia pekee ya mwanga kuingia. Nilikuwa nimefunga dirisha. Ukishatengeneza kioo kama nilivyoeleza, unaweza kuizima bila hofu. Kabla ya hapo usiiguse.

Sasa mlango wa kulenga uko wazi, lakini Cycles bado haijui mlango uko wapi. Inapotaka kulenga anga, inaitazama HDRI yako na kuchagua sehemu zinazong'aa zaidi. Hilo ni jambo la busara kwa picha ya nje. Chumbani, sehemu hizo ziko juu ya paa. Mwale wa kivuli unatoka sakafuni, unalenga wingu jeupe lililo juu ya nyumba, unagonga dari, unapotea. Miale mingi ya kulenga inaishia hivyo.

Ndiyo sababu ya Portal. Ongeza taa ya Area, umbo lake Rectangle, vipimo sawa na tundu la dirisha, kwa mfano wetu 0.9 na 1.4, halafu kwenye sifa za taa weka tiki kwenye Portal. Kuanzia hapo si taa tena. Haitoi mwanga hata uipandishe nguvu mpaka ichoke, kazi yake ni kuiambia Cycles, "Anga unayoweza kuipata ni ile inayoonekana kupitia mstatili huu, lenga hapa." Rudia kwa dirisha la pili. Mstari unaotoka katikati ya taa uelekee ndani ya chumba. Ukielekea nje, hakuna kitakachoharibika na hakuna kitakachopona, utaona chembechembe zilezile tu na utadhani Portal haina maana. Nimeona mafaili mengi ya namna hiyo.

Kuna swali la wapi hasa uiweke, maana kuta za nyumba hizi za mawe ya matumbawe ni nene. Mimi huiweka usawa wa uso wa nje wa ukuta, si wa ndani. Pande za ndani za tundu la dirisha, zile zilizopakwa chokaa, hupokea mwanga mwingi kuliko sehemu nyingine yoyote na kuurusha chumbani. Portal ikikaa usawa wa ndani, pande hizo zinabaki nyuma yake na hazipati msaada. Na weka moja kwa kila dirisha, usiweke moja kwa kila kigae cha kioo, kwa sababu kila Portal ina gharama yake ya muda. Kama bawa la dirisha lina vipande vya mbao vilivyolala na limefungwa, tarajia msaada mdogo: Cycles italenga mstatili wote, na mbao zitazuia sehemu kubwa.

Portal haihusiki na taa ya Sun, kwa sababu hiyo inalengwa yenyewe. Lakini inahusika sana na swali la kama HDRI yako ina jua ndani yake. Unaponiambia una HDRI ya mchana pamoja na Sun, naogopa kuwa una majua mawili. Mbali na vivuli viwili sakafuni, jua lililochorwa ndani ya HDRI ni doa dogo lenye nguvu kubwa mno, na Portal hulenga mstatili wote bila kujali ni wapi panang'aa. Tafuta HDRI ya mawingu au ya kivuli, uache Sun ndiyo ilete jua. Ukitumia Sky Texture, zima Sun Disc kwa sababu hiyohiyo.

Mpaka hapo Diffuse Direct itakuwa safi. Fungua sasa Diffuse Indirect, na hapa sitakudanganya: bado kuna kazi. Kile kipande cha jua kilichoangukia sakafuni chini ya dirisha ni taa. Kwa macho yako na kwa kuta za chumba, ni taa kabisa, pengine ndiyo inayoangaza dari yote. Ila Cycles haina orodha yenye jina lake, kwa hiyo haiwezi kuilenga. Dari inakipata kipande hicho kwa kubahatisha tu, na hakuna Portal itakayobadilisha hilo.

Dawa ya kweli ya sehemu hii inaitwa Path Guiding, imo Blender tangu toleo 3.4. Kazi yake ni kujifunza. Sampuli za mwanzo, 128 kwa kawaida, inazitumia kukumbuka ni upande gani mwanga ulipatikana, halafu miale inayofuata inarushwa zaidi upande huo. Kwa chumba kama chako ndipo inapong'aa. Tatizo ni kwamba inafanya kazi kwenye CPU tu, na wewe nguvu yako iko kwenye kadi. Kila sampuli itakuwa ghali zaidi, na RTX 3060 yako itakaa bure. Kwa hiyo fanya jaribio dogo: kwenye mwonekano wa kamera bonyeza Ctrl+B, uzungushie kona moja mbaya ya dari, urende kwa kadi dakika 5, kisha kwa CPU na Path Guiding dakika 5, Denoise ikiwa imezimwa. Linganisha kwa macho. Kwa kadi yako nakisia kadi itashinda au zitakaribiana, lakini inategemea CPU uliyonayo, na jaribio la dakika 10 lina thamani kuliko kisio langu.

Kuna wanaoweka taa ya kawaida ya Area dirishani, yenye nguvu na rangi ya samawati kidogo, na kuiondoa anga kabisa kwenye hesabu. Inafanya kazi, chembechembe zinapungua sana, na kwa kazi ya kukabidhi kesho asubuhi sitamlaumu mtu. Unachopoteza ni ule mwanga unaobadilika kulingana na kilichoko nje. Kwenye kichochoro cha Mji Mkongwe, ukuta wa jirani uko hatua chache tu mbele ya dirisha, na mwanga mwingi unaoingia chumbani umegonga ukuta huo kwanza, ukaja na rangi yake. Area bapa haina hiyo, na chumba kinaanza kufanana na duka la samani.

Kuta nyeupe nazo zina lao. Chokaa usiipe nyeupe ya 1.0. Hakuna ukuta duniani unaorudisha mwanga wote, na kwa Cycles ukuta kama huo haupunguzi kitu, mwanga unazunguka tu ukibeba chembechembe zake. Weka 0.8. Hata hivyo, kwa 0.8, baada ya midundo 4 bado asilimia 41 ya nguvu iko njiani, na 4 ndicho kikomo cha kawaida cha Diffuse kwenye Light Paths. Chumba cheupe chenye kikomo hicho hutoka na kona nyeusi kuliko uhalisia. Panda hadi 8. Ndiyo, itaongeza muda kidogo, lakini itakuepusha na kupandisha Exposure, ambayo hukuza na chembechembe pamoja.

Clamp ya Indirect, iache kwenye 10 mpaka umalize hayo yote, kisha ukiona vimulimuli vichache vimebaki, shusha hadi 5 na ulinganishe. Kumbuka namba hiyo hupimwa kabla ya Exposure. Mtu anayetumia Sky Texture yenye nguvu kamili, kisha akaishusha kwa Exposure, anaweza kukuta Clamp inakata mwanga halali na chumba kinakufa rangi bila yeye kujua sababu.

Kwa kurenda kwenyewe, hizi ndizo namba ambazo ningeanza nazo kwa chumba chako. Zibandike kwenye Text Editor kisha ubonyeze Run:

```python
import bpy
c = bpy.context.scene.cycles
c.samples = 1500
c.use_adaptive_sampling = True
c.adaptive_threshold = 0.02
c.adaptive_min_samples = 128
c.diffuse_bounces = 8
```

Mstari wa `adaptive_min_samples` ndio unaosahaulika. Noise Threshold huacha kuhangaika na pikseli inayoonekana kutulia. Kwenye kona yenye giza, pikseli ambayo bado haijapata mwale hata mmoja wenye mwanga huonekana imetulia pia, basi inaachwa mapema ikiwa nyeusi, na mwishoni unapata mabaka. Ukiilazimisha ipate angalau 128, inakuwa na nafasi ya kukutana na mwanga kabla ya kuhukumiwa.

Mwisho kabisa ndipo uwashe Denoise. Boriti zako zilipakwa siagi kwa sababu OpenImageDenoise ilipewa picha ambayo chembechembe zake ni kubwa kuliko mistari ya mbao, ikashindwa kujua kipi ni kipi. Chagua OpenImageDenoise, kwenye Passes weka Albedo and Normal, na Prefilter iwe Accurate. Albedo na Normal ni ramani za rangi na za mwelekeo wa nyuso, na kutoka hapo inajua ukingo wa boriti uko wapi hata kivuli kikiwa na vurugu. Ila mikwaruzo ya mbao iliyotengenezwa kwa Bump hafifu, isiyo na tofauti ya rangi, bado inaweza kufutika gizani. Hapo ipe mbao tofauti kidogo ya rangi, hata ndogo sana, ili ionekane kwenye Albedo.

Kama umekifuta kioo kabisa na Diffuse Direct bado ni nyeusi, tatizo liko kwenye modeli, na maandishi yangu hayatakusaidia sana. Huenda kuna bapa lililosahaulika mbele ya dirisha, au Boolean iliyotoboa tundu la dirisha imezimwa. Kaa na mwenzako anayejua Blender, fungueni faili pamoja, mzime kitu kimoja kimoja kwenye Outliner mpaka mwanga uingie. Na kama kompyuta inajizima katikati ya kurenda, hilo si la Cycles. Mpelekee fundi aangalie feni, vumbi na pawa saplai kabla hujaipa kazi nyingine ya usiku kucha.